Jinsi ya kusoma jina la kilatini la mmea mpaka likuambie kitu

Ukivuka Namanga na maneno yako yaleyale mambo yanabadilika. Mkenya akisema ndengu anamaanisha zile punje ndogo za kijani ambazo Mtanzania anaziita choroko, na huku Tanzania ukiomba dengu unapewa zile punje kubwa za kahawia zenye kama kipua mbele, ambazo ni mmea mwingine kabisa, halafu pwani utawakuta wanaosema pojo. Sasa we agiza mbegu kwa simu toka upande wa pili wa mpaka uone kitakachokuja kwenye gunia. Ila geuza mfuko wa mbegu, mara nyingi kuna maneno mawili madogo yameandikwa kwa herufi za kulala. Kama ni Vigna radiata basi hizo ni choroko, ndengu, pojo, ziite utakavyo, na kama ni Cicer arietinum hizo ndo dengu za Tanzania.

Watu wengi wanayaruka hayo maneno wakidhani ni ya maprofesa tu. Lakini mara nyingi maneno hayo yanaelezea mmea wenyewe, na kuyafungua sio kazi ngumu. Arietinum imetokana na neno la kilatini la kondoo dume, chukua punje moja ya dengu uigeuzegeuze utakiona kichwa cha kondoo na pembe zake zimejikunja pembeni. Hapa nitatumia mimea ya jikoni na shambani tu, mana hiyo tunaijua kwa macho na mkono, kwa hiyo ukifungua jina unaweza kuhakikisha hapohapo kama linasema kweli.

Hatua ya 1: angalia jina limeandikwaje

Neno la kwanza ni jenasi, linaanza na herufi kubwa, ni kama jina la ukoo. La pili linaanza na herufi ndogo siku zote hata kama ni jina la nchi, na hilo ndo linalotofautisha spishi moja na nyingine ndani ya ukoo huo. Yote mawili yanalazwa, ukiandika kwa mkono unapiga mstari chini. Baada ya hapo unaweza kukuta L. peke yake, hiyo ni Linnaeus, yule Msweden ambaye kitabu chake cha mwaka 1753 ndo mwanzo rasmi wa kuhesabu majina ya mimea. Ukikuta jina la mtu kwenye mabano na jingine nje ya mabano, maana yake wa kwenye mabano ndo alitoa jina la spishi, na wa nje ndo aliyeihamishia kwenye jenasi ya sasa. Hili tutalirudia.

Kuna mtego mmoja hapa na unakamata hata wasomi. Jenasi huwa inafupishwa kwa herufi moja, kwa hiyo ukiona C. sativus peke yake bila kujua C ni ya nani huna kitu mkononi. Inaweza kuwa Cucumis sativus, tango, au Crocus sativus, zafarani. Badili mkia kidogo iwe C. sativum unaweza kupata giligilani, Coriandrum sativum, na C. sativa inaweza kuwa bangi. Kwa hiyo usikubali kifupi mpaka uone mahali jina liliandikwa kamili, na ukiwa we ndo unaandika, mara ya kwanza andika lote.

Kuhusu matamshi usijisumbue sana. Soma irabu kama unavyosoma kiswahili utakuwa karibu zaidi na Warumi kuliko Mwingereza anayeanza kuzivuta.

Hatua ya 2: anzia neno la pili, na uanzie mkiani

Hapa ndo watu wanapotea, kumbe kwetu sisi tunaosema kiswahili ilitakiwa iwe rahisi kuliko kwa wengine. Neno la pili mara nyingi ni kivumishi, na kivumishi cha kilatini kinafuata ngeli ya jina lililotangulia kama vile sisi tunavyosema mti mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri. Neno ni lilelile ila limebadilika kufuata mwenzake. Kilatini wao wana ngeli tatu, ya kiume, ya kike na ya kati, na wanabadilisha mwisho wa neno badala ya mwanzo.

Chukua lile lile sativ-, maana yake ni ya kulimwa, yaani sio ya porini. Tango ni Cucumis sativus, mpunga ni Oryza sativa, kitunguu saumu ni Allium sativum. Sio maneno matatu hayo, ni neno moja lenye mikia mitatu, -us, -a, -um. (Na wale mnaoijua sativa kutokea kwenye bangi tu, pole, haina maana yoyote ya ajabu, ni ya kulimwa basi.) Vilevile esculent-, ya kuliwa: muhogo ni Manihot esculenta, magimbi ni Colocasia esculenta, bamia ni Abelmoschus esculentus. Kwa hiyo kazi ya kwanza ukiona neno la pili ni kukata mkia ubaki na shina, halafu shina ndo unalitafutia maana. Ukienda kutafuta sativum kama neno jipya wakati sativa unaijua tayari unajichosha bure.

Kuna kundi jingine lenye mikia miwili tu, -is kwa kiume na kike, na -e kwa ile ya kati. Mnyonyo ni Ricinus communis, wa kawaida, uliozoeleka. Mkorosho ni Anacardium occidentale, wa magharibi. Maneno yanayotaja mahali yanayoishia na -ensis na -ense nayo yako humu, mchikichi ni Elaeis guineensis, wa Ginea.

Sasa ujue mambo mawili yatakayokuchanganya. La kwanza, miti. Warumi waliihesabu miti mingi kuwa ya kike hata kama jina lake linaishia na -us, ndo mana mkwaju ni Tamarindus indica na sio indicus, na ule mti ambao magamba yake yanabanduliwa kwa ajili ya dawa ni Prunus africana. Ukiona mikia haifanani kwenye mti usikimbilie kusema wamekosea. La pili, kuna maneno ya pili ambayo sio vivumishi kabisa, ni majina yaliyosimama yenyewe, na hayo hayafuati ngeli ya mtu. Papai ni Carica papaya, mbaazi ni Cajanus cajan, mahindi ni Zea mays. Hapo hakuna mkia wa kukata, wamechukua tu jina ambalo watu walikuwa wanaliita wakalibandika.

Hatua ya 3: jiulize hilo neno linajibu swali gani

Ukishapata shina usirukie kamusi kwanza. Jiulize huyu aliyetoa jina alikuwa anataka kuniambia nini, mana maswali yenyewe ni machache. Linafananaje, linatumikaje, linatoka wapi, linaishije, au ni la kumheshimu nani.

Yanayosema umbo ndo matamu zaidi kwa sababu unayathibitisha kwa macho. Ule mchicha pori unaochoma vidole ukiung'oa ni Amaranthus spinosus, wenye miiba, na ukiangalia pale jani linapoungana na shina utaikuta miiba yenyewe miwili miwili. Mbuyu ni Adansonia digitata, wenye vidole, mana jani moja la mbuyu limegawanyika vijani vitano au zaidi vyote vikitokea sehemu moja kama vidole toka kiganjani.

Yanayosema matumizi tumeshayaona mawili. La tatu la kukariri ni officinale, utalikuta kwenye tangawizi, Zingiber officinale. Officina kilikuwa ni chumba cha kuhifadhia na kuandalia dawa huko Ulaya, kwa hiyo ukiliona hilo neno jua mmea huo ulishawahi kuuzwa kama dawa. Muwa nao ni Saccharum officinarum, maana yake wa vyumba hivyo, sukari enzi hizo ilikuwa inapimwa kwa mzani wa mganga. Ila sikiliza, neno linakuambia watu waliuza kama dawa, halikuambii kwamba inatibu.

Yanayosema namna ya kuishi ni machache lakini mkulima yanamfaa sana. Artemisia annua, annua maana yake ya mwaka mmoja, unapanda, inatoa maua, inakufa, na kweli ndivyo ilivyo. Ndugu yake Artemisia afra, ya Afrika, ni kichaka kinachodumu miaka. Watu huwa wanauziana miche ya Artemisia bila neno la pili, na hilo ni tatizo kubwa kwa sababu artemisinini inayotengenezewa dawa za malaria viwandani inatolewa kwenye annua, sio kwenye afra. Ukiuziwa kitu kinaitwa Artemisia tu halafu mwaka wa tatu bado kinachipua palepale, umeshajua sio annua.

Hatua ya 4: neno refu likate vipande

Majina marefu mengi ni maneno mawili yameunganishwa, na yakishakatwa yanakuwa mepesi. Anza na -fera, maana yake yenye kubeba au yenye kuzaa. Mnazi ni Cocos nucifera, nuc- ni kokwa ngumu, kwa hiyo wenye kuzaa kokwa. Mlonge ni Moringa oleifera, ole- ni mafuta, na mbegu za mlonge kweli zinakamuliwa mafuta. Mwembe ni Mangifera indica, hapa -fera imejificha kwenye jenasi, wenye kuzaa maembe. Kipande kimoja umefungua miti mitatu ya uani.

Jambo la kuwa nalo makini ni kwamba vipande vingine vinatoka kilatini na vingine kigiriki, na lugha hizo mbili zinaweza kusema kitu kimoja kwa maneno tofauti kabisa. Mfano mzuri kuliko yote ni karanga na njugu mawe. Karanga ni Arachis hypogaea, hypo ni chini na gaea ni ardhi, hicho ni kigiriki. Njugu mawe ni Vigna subterranea, sub ni chini na terra ni ardhi, hicho ni kilatini. Zote mbili zinakuambia jambo lilelile, chini ya ardhi, na zote ni kweli, ua linachanua juu halafu kikonyo kinashuka kinasukuma ganda likakomae udongoni. Ndo mana karanga inataka udongo laini na inapandishiwa udongo, ukiacha ardhi ikawa ngumu kikonyo kinashindwa kupenya na unavuna majani.

Vipande vingine vya kuanzia nakupa hivi, vya kigiriki, vitakutosha kwa muda mrefu: phyll- jani, anth- ua, carp- tunda, petal- hilo unalijua, steno- nyembamba, macro- kubwa, micro- dogo. Jaribu mwenyewe: kule Ethiopia na kaskazini mwa Kenya kuna mlonge mwingine, Moringa stenopetala. Steno, petal. Wenye petali nyembamba.

Hatua ya 5: sasa rudi kwenye jenasi

Jenasi naiweka mwisho makusudi. Ni jina, sio kivumishi, na mara nyingi ni la zamani sana au ni la mtu, kwa hiyo halifunguki kirahisi. Adansonia ni Michel Adanson, Mfaransa aliyekaa Senegali katikati ya karne ya 18, huwezi kulikata ukapata sifa ya mbuyu. Zingine zinafurahisha. Ricinus kwa kilatini ni kupe, na ukishika mbegu ya mnyonyo yenye madoadoa hutauliza kwanini. Abelmoschus ya bamia imepita kwenye kiarabu, abu na miski, na sisi miski tunaijua, mbegu za ndugu mmoja wa bamia zinanukia hivyo. Lakini bamia yenyewe hainukii miski, na hapo ndo penye somo: jenasi inaelezea ukoo au yule aliyeonekana wa kwanza, haiahidi kwamba kila mwanaukoo atafanana nayo.

Na jenasi inabadilika. Lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, ambalo Wazungu wanalipanda kwenye vikopo madirishani dunia nzima, mwaka 1893 liliitwa Saintpaulia ionantha. Saintpaulia ni kwa ajili ya baroni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala huko Usambara enzi za mkoloni, na ionantha ni ua la rangi ya urujuani. Baadaye wataalamu wakaona kwa undugu wake linaingia kwenye jenasi ya Streptocarpus, likahamishwa, na sasa ni Streptocarpus ionanthus. Umeona mkia? Saintpaulia ni ya kike, Streptocarpus ni ya kiume, kwa hiyo -a ikawa -us. Neno la pili limehama na mmea wake, limebadilisha mkia tu. Kwa hiyo ukikutana na majina mawili yenye shina moja la pili na jenasi tofauti, shuku kwanza kwamba ni mmea mmoja uliohamishwa.

Hatua ya 6: tufanye mmoja mwanzo hadi mwisho

Chukua kweme. Wa Kilimanjaro, Upare na Tanga mnaijua, mmea unaotambaa mpaka juu ya miti mikubwa, matunda yake makubwa kama maboga marefu, ndani yana mbegu bapa zenye mafuta mengi ambazo mama aliyejifungua anapewa ili maziwa yatoke. Kwenye karatasi utaikuta hivi:

Telfairia pedata (Sm.) Hook.

Kwanza maandishi. Kuna mabano, kwa hiyo imehamishwa. Sm. ni Smith, aliiweka kwenye jenasi ya Fevillea, halafu Hook., yaani Hooker, akaitoa akaiweka Telfairia. Fevillea na Telfairia zote ni za kike kwa hiyo safari hii mkia haukuguswa.

Pili mkia. Pedata, toa -a, unabaki na pedat-. Ped- ni mguu, utaikuta hata kwenye pedali ya baiskeli. Yenye mguu? Mmea unaotambaa utakuwaje na mguu?

Tatu, swali. Sio mahali, sio matumizi, sio mtu, kwa hiyo ni umbo, na kwenye mimea neno la umbo lisipotaja sehemu mara nyingi linaongelea jani. Nenda kaangalie jani. Limegawanyika vijani kama la mbuyu, ila fuata vile vijani mpaka vinapoanzia. Kwenye mbuyu vyote vinatoka sehemu moja. Kwenye kweme vya pembeni havifiki katikati, kijani cha nje kinachipukia kwenye kikonyo cha mwenzake, jinsi vidole vya ndege vinavyogawana mguu. Hiyo ndo pedata, na digitata ni ile ya mbuyu, na sasa unajua tofauti ambayo wengi wanaotazama majani haraka haraka hawaioni.

Nne, jenasi. Telfairia ni jina la mtu, Charles Telfair, Mwairishi aliyeishi Morisi na kupenda sana mimea. Hakuna sifa ya kuchimba hapo.

Tano, linganisha na ndugu. Nigeria wana Telfairia occidentalis, wenyewe wanaiita ugu, wanakula majani yake. Occidentalis ni ya magharibi, na hapa magharibi ni Afrika Magharibi ukilinganisha na kweme yetu. Rudi sasa kwenye mkorosho, occidentale nayo ni ya magharibi, lakini ile ni magharibi ya kuvuka bahari, mkorosho asili yake ni Brazili. Neno moja, magharibi mbili. Kwa hiyo ukiona neno la upande uliza siku zote, magharibi ya wapi na nani alikuwa anatazama.

Na kuna jambo ambalo jina la kweme halikuambii, na ndo linalomuumiza mkulima. Kweme ina mimea dume na mimea jike mbalimbali. Ukipanda mmoja peke yake, hata ukitambaa mpaka kileleni, huli mbegu. Pedata inaongelea jani, imeishia hapo. Jina ni maneno mawili tu, aliyelitoa alichagua sifa moja akaacha zingine zote, usiligeuze kuwa maelekezo ya kilimo.

Hatua ya 7: jua majina yanayodanganya

Pilipili mbuzi ni Capsicum chinense, ya China. Haijatoka China, asili yake ni Amerika ya Kusini, aliyeipa jina mwaka 1776, Jacquin, alidhani imetoka China basi ikabaki hivyo. Hoho nayo ni Capsicum annuum, ya mwaka mmoja, na kila mwenye bustani huku anajua mpilipili ukitunzwa unazaa miaka kadhaa. Ulaya unauliwa na baridi kila mwaka, kwa hiyo kwa macho ya aliyekaa kule ilikuwa kweli. Mkwaju umeitwa indica, wa India, na hata Tamarindus yenyewe inatokana na kiarabu cha tende ya India, wakati mti wenyewe asili yake ni Afrika. Wafanyabiashara waliupata kupitia India ndo mana.

Ninaloupenda zaidi ni mhina. Lawsonia inermis, inermis maana yake asiye na silaha, yaani bila miiba. Mwambie hivyo mtu wa Pemba aliyekata matawi ya mhina mzee mikono mitupu. Mti ukiwa mchanga kweli hauna miiba, ukikomaa ncha za vitawi zinakuwa miiba. Linnaeus aliwahi hata kuupa majina mawili, inermis na spinosa, kumbe mti ni uleule umri tofauti.

Kwanini hawarekebishi? Kwa sababu sheria ya majina inasema jina lililotolewa kihalali mwanzo ndo linabaki hata kama maana yake haifai, vinginevyo kila mtu angekuwa anabadilisha na tungerudi kwenye dengu na ndengu. Uongo wa jina hauhesabiki kuwa sababu. Binafsi naona ni sawa. Ila kuna mlango mmoja umefunguliwa juzi tu: mwaka 2024 kwenye mkutano wa wanabotania Madrid walipiga kura kwamba majina yenye caffra, neno ambalo Afrika Kusini lilikuwa tusi kwa mtu mweusi, yaandikwe affra. Yako zaidi ya 200. Ule mmea wa miiba mirefu ambao Kenya wanautumia kwa ua, kayaba, uliokuwa Dovyalis caffra, sasa ni Dovyalis affra. Herufi imetoka, maana imegeuka kuwa ya Afrika. Mifuko ya mbegu na vitabu vya zamani vitaendelea kuwa na lile la kwanza kwa miaka, ni mmea uleule.

Hatua ya 8: hakikisha jina lenyewe bado linatumika

Kabla hujaagiza kitu fungua powo.science.kew.org, ni orodha ya bustani ya Kew ya London, bure. Andika jina lote mawili kwenye sehemu ya kutafutia, sahihisha herufi mojamoja mana kosa kwenye mkia linaweza kukunyima jibu. Ikitokea kuwa jina ni synonym usishtuke, maana yake ni jina la zamani, na jipya limeandikwa hapohapo, gonga ulifuate. Jaribu na Lycopersicon esculentum, ambalo bado lipo kwenye vipeperushi vingi vya nyanya, litakupeleka Solanum lycopersicum. Ukifika kwenye jina lenye accepted angalia kitu kimoja zaidi, ramani ya asili ya mmea. Hapo ndo unapolipima neno lolote la mahali, weka Capsicum chinense halafu utafute China kwenye ramani hiyo kama utaiona.